Nukta moja baada ya "Sawa"

*Nina miaka 56. Nilifundisha shule ya msingi miaka 27, sasa nina steshenari hapa Morogoro na mabinti wawili wa kunisaidia. Mmoja aliniandikia WhatsApp kwamba atachelewa, nikamjibu "Sawa." Mchana akaja macho mekundu, kumbe alidhani nimemfukuza kazi. Mwenzake akaniambia, "Mama, ile nukta ndiyo iliyomuua." Tangu siku hiyo naweka alama za mshangao, na mwanangu wa chuo ananicheka eti naandika kama tangazo la mkutano wa injili. Emoji naziogopa. Hivi nukta ina ubaya kweli, au hawa watoto wananionea? Nimekuwekea na picha ya meseji zenyewe.*

Mwalimu, shikamoo.

Hawakuonei, ila hawajakwambia yote. Nukta ina sehemu yake ya kosa, lakini nimeitazama picha uliyonitumia na naona kuna mambo mawili yaliyomuumiza binti kuliko hiyo nukta, na yote mawili ni maneno ambayo hukuyaandika. Tutayafikia. Kwanza nukta, kwa kuwa ndiyo uliyoiulizia.

Darasani ulifundisha kwamba nukta huonyesha mwisho wa sentensi. Kwenye daftari ni kazi ya lazima, maana bila hiyo msomaji hajui wazo hili limeishia wapi na lile limeanzia wapi. Sasa iangalie WhatsApp. Ukishatuma, maneno yako yanakaa ndani ya kiboksi chenye rangi yake, kingo zake na saa yake pembeni. Hakuna anayeweza kufikiri kwamba "Sawa" yako bado inaendelea. Kiboksi kimeshamaliza sentensi kwa niaba yako. Nukta inayobaki mwishoni imekuta kazi yake imeshafanywa, na msomaji hapendi kuamini kwamba mtu ameongeza kitu bure, kwa hiyo anaitafutia maana nyingine. Maana iliyo karibu ni ya sauti: anamsikia mtu aliyetamka neno moja kisha akafunga mdomo.

Hii si dhana ya vijana wa Morogoro peke yao. Mwanasaikolojia Celia Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton, jimbo la New York, waliwapa wanafunzi 126 mazungumzo mafupi wayasome. Mtu anamwalika mwenzake mahali, na mwenzake anajibu kwa neno moja la kukubali. Majibu mengine yalikuwa na nukta, mengine hayakuwa nayo. Mazungumzo mengine yalionekana kama meseji za simu, mengine kama vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono. Kwenye meseji, jibu lenye nukta lilionekana halijatoka moyoni kama lile lisilo na nukta. Kwenye vikaratasi nukta haikubadilisha kitu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na kwangu jambo kubwa ndani yake ni hivyo vikaratasi. Neno lilikuwa lilelile, nukta ileile, wasomaji walewale. Kilichobadilika ni mahali. Kwa hiyo wewe uliyezoea daftari na binti aliyekulia kwenye simu mnaweza kuitazama alama moja na kila mmoja akawa anasema kweli.

Niweke mipaka hapo hapo, maana utafiti huu hutajwa ovyo. Wale walikuwa wanafunzi wa Marekani wakisoma Kiingereza, tofauti yenyewe haikuwa kubwa, na majibu yote yalikuwa ya neno moja. Hilo la neno moja ndilo la kushika. Ukiandika mistari mitatu yenye nukta katikati, hakuna anayeziona, kwa sababu zinafanya kazi zilizozaliwa nazo. Nukta hugeuka kuwa uso wa mtu pale tu inapokaa na neno moja au mawili: "Sawa." "Haya." "Nimeona." "Asante." Neno likiwa peke yake hakuna kingine cha kusoma, basi jicho linaisoma nukta.

Tena inategemea mazoea yako na mtu huyo. Msomaji hapimi nukta kwa sheria, anaipima kwa jana. Rudi nyuma kwenye mazungumzo yako na yule binti wa zamani, yule aliyekupa siri ya nukta, uhesabu meseji zako 20 za mwisho. Nina hakika karibu zote zina nukta, na yeye hajawahi kulia, kwa sababu ameshajua kwamba Mwalimu ndivyo anavyoandika. Kwake nukta yako haina habari mpya. Huyu wa pili ana muda gani dukani? Kama ni wiki mbili tatu, hana jana ya kulinganisha nayo. Upande wa pili upo pia: mtu ambaye miaka yote anakuandikia "poa" bila nukta, siku moja akaleta "Poa." hapo una haki ya kumpigia simu.

Sasa tuje kwenye picha. Binti aliandika saa 1:12 asubuhi:

"Shikamoo mama. Samahani mama leo ntachelewa kidogo mtoto ana homa tangu usiku nampeleka zahanati 🙏🙏"

Na wewe saa 1:49:

"Sawa."

Soma meseji yake kama alivyoiandika mtu ambaye hakulala. Amekuamkia. Ameita "mama" mara mbili katika mstari mmoja. Ameomba radhi. Ametoa sababu, na sababu yenyewe ni mtoto mgonjwa. Mwishoni ameweka mikono ya kuomba mara mbili, kwa hofu kwamba moja haitoshi. Kisha amekaa dakika 37 kwenye benchi la zahanati akiitazama simu. Kinachokuja ni herufi nne na nukta.

Shikamoo yake haikuitikiwa. Hilo, Mwalimu, ndilo la kwanza kati ya yale mawili. Ana kwa ana huwezi kuiacha shikamoo ikaning'inia. Mtu mzima asiyeitikia ama hakusikia ama amekasirika, na kila mtoto wa Kiswahili anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Kwenye simu wakubwa wengi tunairuka kwa sababu tunakimbilia jambo lenyewe, na tunaona kama kukubali ombi ndiko kuitikia. Mdogo haoni hivyo. Kwake "Marahaba" iliyokosekana ina uzito uleule wa uso uliogeuzwa pembeni. La pili ni "Pole". Mtu amekutajia homa ya mtoto, na hakuna pole.

Sasa fanya jaribio hili kichwani. Chukua jibu "Marahaba. Pole na mtoto. Sawa." Lina nukta tatu, na binti asingelia. Chukua jibu "Sawa" lisilo na nukta hata moja. Lingepunguza makali kidogo, lakini bado angekaa pale benchi akijiuliza kuna nini. Ndiyo maana nasema mwenzake alikuambia nusu. Aliiona nukta kwa kuwa nukta inaonekana. Marahaba ambayo haipo haina mahali pa kunyooshea kidole.

Utaniuliza: lakini mimi nilipoandika "Sawa." moyoni nilikuwa nimemwonea huruma, mbona hakuisikia? Kwa sababu wewe uliisikia. Ukiandika, sauti yako inacheza kichwani mwako, na unaona kama imeingia kwenye maneno. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walilipima jambo hili wakalichapisha mwaka 2005. Waliwapa watu sentensi za kejeli na za kweli wawapelekee wenzao, wengine kwa barua pepe, wengine kwa sauti, na kabla ya hapo wakawauliza kila mmoja anadhani mwenzake atapatia mara ngapi. Watumaji walitegemea kueleweka kama mara 78 kwa 100, kwa njia yoyote ile. Kwa sauti walikaribia: 73. Kwa barua pepe ilikuwa 56, na kwa kuwa majibu yalikuwa mawili tu, mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu angepata 50. Huruma yako ilikuwa kweli, Mwalimu, ila ilibaki Morogoro mjini wakati "Sawa." ikienda zahanati peke yake.

Tuje kwenye mshangao. Naelewa ulivyofikiri: kama nukta ni baridi, basi kinyume chake ni joto. Sivyo inavyofanya kazi. Alama ya mshangao haina joto wala baridi, inapandisha sauti. Chochote kilichokuwa ndani ya sentensi inakiongeza. Kama ndani kuna ukarimu, ukarimu unaongezeka: "Karibu!" "Hongera!" "Asante!" Kama ndani kuna amri au lawama, inaongezeka hiyo.

Angalia hizi ulizoandika wiki hiyo baada ya kisa. "Asante!" Nzuri kabisa. "Njoo na risiti za jana!" Hapo mtu anasikia kwamba risiti za jana zina kasoro. "Wino umeisha!" Nani kaumaliza? "Nakusubiri!" Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kusubiri kwenyewe kuna lawama ndani yake, na sasa umeipandishia sauti. Bila alama yoyote, "Nakusubiri" ni taarifa. Na ile "Sawa!!" uliyomjibu alipokuambia mashine ya kopi imekwama, sijui nikuambieje. Umefurahi mashine imekwama?

Kipimo ninachowapa watu ni hiki cha mlangoni. Jifikirie umesimama mlangoni mwa duka, binti yuko ng'ambo ya barabara, na unamwita sentensi hiyo kwa sauti ya juu. Ukisema "Karibu" kwa sauti ya juu, majirani wanatabasamu. Ukisema "Usisahau funguo" kwa sauti hiyohiyo, majirani wanageuka kuangalia nani anagombwa. Sentensi inayokubali kupigiwa kelele barabarani inakubali mshangao, isiyokubali, usiipe.

Kuna na tofauti ya umri ndani ya alama hii pia. Sisi tuliifundishwa pamoja na vihisishi: Lo! Ala! Kumbe! Salaale! Ndiyo maana tunaiita ya mshangao. Mtu wa rika lako akiandikiwa "Umefika!" anaweza kusikia "Lo, kumbe umefika", yaani hakutegemewa. Mwanao wa chuo anasikia furaha tu, kwa sababu kwenye simu alama hii imeshahama kutoka mshangao kwenda uchangamfu. Si kwetu tu: mtafiti Carol Waseleski alichambua alama 200 za mshangao kwenye makundi ya majadiliano ya barua pepe, akachapisha mwaka 2006, na akakuta ni chache zilizoonyesha msisimko. Nyingi zilikuwa za kuonyesha urafiki au kukazia taarifa. Huko zimeshakuwa kama kichwa kinachoitikia kwa upole mtu anapoongea.

Ila zina tabia ya pesa ya karatasi: ukizichapa nyingi thamani inashuka. Ukimzoesha binti "Sawa!" kila siku, siku ukiandika "Sawa" tupu bila hata nukta, atauliza kuna nini. Umejiwekea deni. Ndiyo maana nakushauri usianze nazo kwenye "Sawa" kabisa. Ziweke kwenye asante, karibu na hongera, ambako hata ukizisahau neno lenyewe lina joto la kutosha.

Mwanao anakucheka kwa sababu nyingine, nadhani. Anakujua. Amekulia kwenye nukta zako. Zilikuwa kwenye madaftari yake na kwenye vikaratasi ulivyomwachia mezani. Mama wa "Nimeacha ugali jikoni." akigeuka ghafla kuwa mama wa "Nimefika nyumbani!!!" lazima acheke.

Kuhusu emoji, uoga wako una busara ndani yake, ila usiwe wa jumla. Tatizo la emoji ni kwamba tunaziona kama picha, na picha tunaamini kila mtu anaziona sawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walijaribu mwaka 2016: waliwaonyesha watu emoji za nyuso na kuwauliza kama zina hisia nzuri, mbaya au za katikati. Hata watu walipotazama mchoro uleule, karibu mara moja katika kila nne hawakukubaliana. Na michoro yenyewe hutofautiana kwa simu. Wakati huo kulikuwa na sura ya kucheka yenye macho ya tabasamu ambayo kwenye simu nyingine ilionekana imefurahi, na kwenye simu za Apple ilionekana kama mtu aliyekaza meno kwa maumivu. Mtumaji alituma kicheko, mpokeaji akapokea jino linalouma.

Kwa hiyo sikupi orodha ya emoji nzuri na mbaya. Nitakutajia tatu tu utakazokutana nazo dukani.

Dole gumba 👍 kwako ni "nimekuelewa, endelea", na kwa wateja wako wa rika lako ni hivyohivyo. Kwa vijana wengi ni mlango unaofungwa, ndugu yake ile nukta, hasa likija peke yake kujibu meseji ndefu. Kwa binti aliyekuandikia mistari miwili ya mtoto mgonjwa, dole lingekuwa baya kuliko "Sawa." Kwa yule anayekuletea karatasi akikuandikia "Nipo njiani, saa nne", dole linatosha, tena analipenda kwa sababu halimlazimishi kujibu.

Mikono 🙏 ndiyo salama yako. Kwetu imebeba asante, naomba na amina kwa pamoja, na zote tatu ni za heshima. Binti mwenyewe ameitumia, na hiyo ni kanuni ndogo inayofaa kushikwa: ukirudisha emoji ambayo mwenzako ameshaitumia kwako, hatari ya kukosea inapungua sana, maana unajua kwenye simu yake ina maana gani.

Ya tatu ni uso unaolia machozi mengi 😭. Usiitumie, ila ijue. Vijana wanaiweka wakicheka hadi kuishiwa nguvu. Mwanao akikuandikia "mama wewe 😭😭" hajafiwa. Na ukiweka wewe hiyohiyo kwenye kundi la msiba, wapo wadogo watakaoshtuka.

Kwa wateja usiowajua, acha nyuso kabisa kwenye meseji ya kwanza. Ella Glikson na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya majaribio ya barua pepe za kikazi kati ya watu wasiofahamiana. Uso wa tabasamu haukumfanya mwandishi aonekane mwema zaidi, lakini ulimfanya aonekane hajui kazi yake vizuri, na waliopokea walimpa maelezo machache zaidi. Mazungumzo yakiwa si rasmi hali hiyo hubadilika. Kwa hiyo mhadhiri akiuliza kwa mara ya kwanza bei ya kufunga tasnifu, mpe bei na siku ya kuchukua, basi. Akishakuwa mteja wa miaka miwili na yeye ndiye ameanza kutabasamu, mrudishie.

Sasa, ungemjibu nini binti? Mimi ningeandika hivi:

"Marahaba mwanangu. Pole, mpeleke kwanza. Leo nafungua mimi, ukitoka niambie anaendeleaje"

Angalia kilichofanya kazi. "Marahaba" imepokea salamu. "Mwanangu" ndiyo iliyobeba joto lote ulilokuwa unalitafuta kwenye mshangao, na tofauti na mshangao haiwezi kusomwa vibaya: kwa mtu aliyekuita mama, neno hilo linasema mahali pake hapajabadilika. "Pole" imeona homa. "Leo nafungua mimi" imejibu hofu yake halisi, maana hakuwa anaogopa nukta, alikuwa anaogopa duka limefungwa kwa ajili yake. Nukta za katikati zipo na hazimdhuru mtu. Ya mwisho nimeiacha, kwa kuwa kiboksi kinatosha, lakini hata ungeiweka katika meseji hii asingeiona. Kisarufi hujapoteza kitu.

Siku ambazo huna muda wa maneno yote hayo, Kiswahili kimekupa vilainishi vifupi ambavyo vilikuwepo kabla ya simu. "Sawa mama" kwa binti mdogo, "sawa mwanangu", "sawa basi", "haya sawa", "sawa sawa". Neno likirudiwa kwetu linalegea: "sawa sawa" haina ukali hata ukiweka nukta tano mbele yake. Ningekuchagulia kimoja, ni kuita jina au cheo cha undugu. Kinachukua sekunde mbili.

Kuna mahali nakuomba usiiondoe nukta yako. Mteja akifiwa, ukaandika "Poleni sana. Mungu awatie nguvu.", nukta ya mwisho iko nyumbani. Ule ubaridi tuliousema hapo unageuka kuwa utulivu, kama mtu aliyeinamisha kichwa. "Poleni sana!" ingekuwa kelele matangani. Na kwenye fedha pia iache: "Umebakiza shilingi 14,500." Hapo hutaki joto, unataka hesabu.

Jambo la mwisho, kwa sababu ukishajua haya utaanza kuziona nukta za watu wengine, na utaanza na wewe kuumia. Nukta nyingi hazikuandikwa na mtu. Simu nyingi zimewekwa hivi: ukibonyeza kitufe cha nafasi mara mbili mfululizo, simu yenyewe inaandika nukta. Mtu mwenye vidole vyepesi anaandika "Sawa", anagusa nafasi mara mbili bila kujua, anatuma, na wewe unapokea "Sawa." Jaribu sasa kwenye simu yako. Nukta ikitokea na ukataka kuiondoa, kama unatumia kibodi ya Gboard, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya "Text correction", utakuta "Double-space full stop" au "Double-space period". Zima. Halafu muulize yule mwanao wa chuo kama kwake imezimwa.